Kamati ya maadili imerudisha maombi yangu, wanasema usiri niliouahidi haupo. Naomba msaada kwenye fomu ya ridhaa

nesi_wa_zamu
Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Mimi ni muuguzi wa stashahada. Nilikaa wodi ya wazazi miaka sita, sasa nasoma shahada na niko mwaka wa mwisho. Utafiti wangu unahusu jinsi akina mama wanavyotendewa wakati wa uchungu na kujifungua: wanaambiwa nini, wanaelezwa wanachofanyiwa au la, kuna aliyepigwa au kuachwa peke yake. Nimechagua hospitali ya wilaya ninayofanyia kazi kwa sababu naijua. Mpango ulikuwa niongee na akina mama 20, kila mmoja kitandani kwake kabla hajaruhusiwa, kama dakika 45, huku narekodi kwa simu.

Nilipeleka maombi kamati ya maadili ya chuo, yamerudi na maoni manne. Nayanakili:

"Mtafiti anaahidi usiri kamili lakini anakusanya jina, namba ya simu na namba ya faili. Aeleze."
"Mtafiti ni mtumishi wa wodi husika. Aeleze ridhaa itakuwaje ya hiari."
"Washiriki wa miaka 15 hadi 17: nani anatoa ridhaa?"
"Fomu ya Kiswahili haieleweki kwa mlengwa."

Hilo la mwisho ndilo limeniuma. Mimi mtoto wa Tanga naambiwa Kiswahili changu hakieleweki! Sentensi yenyewe hii hapa: "Mimi mshiriki niliyetajwa hapo juu ninakiri kwamba nimeelezwa kinagaubaga madhumuni ya tafiti hii, na kwamba ushiriki wangu ni wa hiari na hautaathiri stahiki zangu za kimatibabu, na kwamba taarifa zangu zitatunzwa kwa usiri wa hali ya juu."

Nina wiki mbili za kurudisha. Aliyewahi kupita hapa anisaidie.

mzalendo77
Dada usipoteze muda. Anza na barua ya chuo, ipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya, mwisho mfawidhi wa hospitali. Ukiwa na hizo saini nne hakuna wa kukugusa. Mimi nilifanya hivyo kwenye utafiti wa maji na sikuulizwa kitu.

nesi_wa_zamu
Asante mkuu, ila hicho ni kibali cha kuingia eneo. Kwa Mkoa wenyewe wataniuliza kwanza cheti cha maadili kiko wapi. Mimi nimekwama hatua ya nyuma ya hapo.

TemboMjanja
Simple tu. Futa jina, futa simu, futa faili. Utafiti usio na jina hauna haja ya ridhaa kabisa, wala fomu. Hoja namba moja na namba nne zinakufa kwa mpigo mmoja.

BibiKalamu
Mwanangu nesi, nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo miaka mingi, nimesoma maombi mpaka macho yamechoka. Hayo maoni manne ni mazuri. Nilishaona maombi yanarudi na sentensi moja tu, "aboreshe", na mwanafunzi hajui aboreshe nini.

Kwanza nimjibu Tembo, maana ana nusu ya ukweli. Kufuta majina ni sawa kabisa. Lakini kutokuwa na jina kunaondoa sababu ya saini, hakuondoi ridhaa. Mama anayekaa mbele yako dakika 45 akisimulia alivyopigwa kofi akiwa anasukuma ana haki ya kujua wewe ni nani na maneno yake yanakwenda wapi, hata usipoliandika jina lake popote. Kamati inaweza kukubali ridhaa ya mdomo. Haiwezi kukubali kutokuwepo kwa ridhaa.

Sasa nesi, niulize swali moja kabla sijasema mengine. Utarudi kwa mama huyo huyo mara ya pili?

nesi_wa_zamu
Shikamoo Bibi. Hapana, ni mahojiano ya mara moja tu. Simu niliweka kwa ajili ya kufuatilia kama kuna kitu sijakielewa, na namba ya faili nilitaka niangalie alijifunguaje na uzito wa mtoto.

BibiKalamu
Marahaba. Basi simu ya nini? Kama hujaelewa, muulize palepale. Na alijifunguaje, mama anajua kuliko faili. Zaidi ya hapo, kufungua faili lake ni ridhaa nyingine inayoombwa peke yake, na kwenye fomu yako haimo.

Watu wengi hudhani usiri ni kabati lenye kufuli. Kabati ni jambo la mwisho. La kwanza ni kutochukua kile ambacho huna kazi nacho. Taarifa ambayo hukuikusanya haiibiwi, haivuji, wala bosi wako hawezi kukuomba uionyeshe.

Ukishaondoa simu na faili, jina linabaki sehemu moja tu: kwenye fomu ya ridhaa aliyosaini. Hapa ndipo wanafunzi wanapojikwaa bila kujua. Wanaandika mahojiano kwa namba, M01, M02, mpaka M20, vizuri kabisa. Kisha juu ya fomu ya ridhaa wanaandika "Namba ya mshiriki: M07" na chini yake jina na saini. Umeshajenga daraja kati ya jina na maneno. Anayeokota rundo la fomu zako anajua M07 ni nani.

Hata usipoandika namba, angalia tarehe. Fomu ina tarehe. Faili la sauti simu imelipa jina lenyewe kwa tarehe na saa. Kama siku hiyo ulihoji mama mmoja tu, hakuna siri. Na ukizipanga fomu kwa mfuatano zilivyosainiwa, ya saba kutoka juu ni M07. Kwa hiyo: fomu zisiwe na namba, zichanganywe kwenye bahasha, zikae kwa msimamizi wako chuoni, zisikae na sauti. Sauti ibadilishwe jina siku hiyo hiyo.

Njia safi zaidi, kwa utafiti kama wako, ni kuiomba kamati ikuruhusu usichukue saini kabisa. Unamsomea, anakubali kwa mdomo, wewe mwenyewe unasaini kwamba umemsomea na amekubali. Hoja yako iwe hii: saini ndiyo karatasi pekee inayomtaja, na madhara makubwa kwake ni kujulikana. Baadhi ya wajumbe wanaipenda hoja hiyo, wengine wanataka wino. Jaribu.

Salum_maabara
Niongezee langu kuhusu simu, maana liliniponza. Nilipokuwa nafanya utafiti wa rejista za maabara nilipiga picha kurasa kwa simu yangu ili nikaingize takwimu nyumbani. Kwenye maombi niliandika "taarifa zitahifadhiwa kwenye kompyuta yenye nywila". Kumbe simu ilikuwa inapandisha picha zote zenyewe kwenye akaunti, na akaunti ile ile iko wazi kwenye tableti ya nyumbani. Dada yangu anafungua picha za harusi anakutana na ukurasa wa rejista, na jina la jirani yetu limo na majibu yake.

Hakusema kwa mtu. Lakini mimi nilimpita yule jirani miezi mingapi sijui nikiangalia chini.

nesi_wa_zamu
Mungu wangu. Simu yangu nayo inapandisha kila kitu.

BibiKalamu
Salum asante kwa kusema. Nesi, hilo liingie kwenye maombi kwa maneno ya wazi: kifaa gani, kinapandisha wapi, nani mwingine ana nywila. Azima kinasa sauti kisicho na mtandao kama idara yenu inacho. Kama ni simu, zima uhifadhi wa moja kwa moja kabla ya mama wa kwanza, siyo baada ya wa tano. Na usimtumie rafiki sauti kwa WhatsApp akusaidie kunakili maandishi. Anayenakili naye anasaini ahadi ya kutunza siri, na anatajwa kwenye fomu ya mama.

Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimo kwenye kundi linalolindwa zaidi. Wajumbe wa sasa wanaiuliza. "Nitaiweka kwa usiri wa hali ya juu" siyo jibu tena. Andika sauti inafutwa lini. Wengi huandika baada ya kunakili na kuhakiki, na maandishi yasiyo na majina yanabaki kwa muda ambao chuo kimeweka.

TemboMjanja
Sawa Bibi nimekubali nusu yangu 😄 Ila swali. Fomu zote zinasema "unaweza kujitoa wakati wowote". Kama umeshachanganya fomu na hujui M07 ni nani, mama akipiga simu wiki ijayo anasema futa maneno yangu, utayafutaje?

BibiKalamu
Tembo, leo umenifurahisha. Hilo ndilo swali ambalo kamati yenyewe mara nyingi hailiulizi.

"Wakati wowote" ni ahadi ambayo nesi hataweza kuitimiza, kwa hiyo asiiandike. Kuna njia mbili. Ama aseme ukweli: "Unaweza kujitoa mpaka tunapomaliza maongezi haya. Baada ya hapo sitajua yapi ni maneno yako." Ama ampe mama kikaratasi kidogo chenye namba M07 na simu ya mtafiti, basi. Mama akibadili mawazo ndani ya wiki mbili anapiga, anataja namba bila jina, yanafutwa. Hapo ufunguo anao mama, mtafiti hana. Kikaratasi kisiwe na kichwa cha utafiti, maana kinaweza kuokotwa na mume au wifi, na "utafiti kuhusu unyanyasaji wodini" ni maneno ya kuanzisha kesi nyumbani.

nesi_wa_zamu
Hiyo ya kikaratasi naichukua. Sasa hoja ya pili, mimi kuwa mtumishi wa wodi. Kwa kweli niliona ni faida. Akina mama wananizoea, wananiita dada.

mkunga_mstaafu
Wewe wanakuita dada, mimi waliniita mama kwa miaka thelathini. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi ndiye niliyeshika mkasi. Mwanamke aliyelala kitandani hajaruhusiwa, mtoto ana saa kumi, halafu unamjia na sare unamuuliza "ulihudumiwaje?" Atakwambia vizuri sana dada, Mungu awabariki. Nani anataka kesho achelewe kuruhusiwa? Na kitanda cha pili kiko hatua moja. Pazia linazuia macho, halizuii masikio.

Hapo ridhaa haipo, na majibu pia hayapo. Utarudi na akina mama 20 wenye furaha.

BibiKalamu
Mkunga umenimalizia kazi. Nesi, kamati haisemi wewe ni mtu mbaya. Inasema mama hawezi kukutenganisha wewe mtafiti na wewe unayempa dawa. Ondoka wodini. Wengi wao watarudi kliniki ya mama na mtoto wiki ya sita kwa chanjo. Huko hawategemei huduma yako, wewe huna zamu huko, unavaa nguo za nyumbani, na unaomba chumba chenye mlango. Nauli haijitokezi kama suala kwa sababu alikuwa anakuja hata hivyo.

Na usimwite wewe. Mhudumu wa kliniki aseme kwenye benchi, kwa wote: kuna mwanafunzi anauliza habari za kujifungua, anayetaka aende chumba cha mwisho baada ya chanjo. Baada ya chanjo, siyo kabla, asije akadhani ndiyo tiketi ya sindano.

nesi_wa_zamu
Lakini hapo mhudumu wa kliniki atamwona nani ameingia na nani hajaingia. Na kwenye fomu nilitaka kuandika "hakuna atakayejua kama umekubali au umekataa".

BibiKalamu
Basi usiandike hivyo. Andika kilicho kweli: "Watu wanaweza kukuona ukiingia hapa. Hawatajua ulichosema." Mama ataamua mwenyewe. Wajumbe wanapenda fomu inayokiri kikomo chake kuliko inayoapa.

mkunga_mstaafu
Mimi nina wasiwasi mmoja na hiyo wiki ya sita. Aliyefiwa na mtoto haji kwenye chanjo. Na huyo ndiye aliyeona mengi kuliko wote.

BibiKalamu
Kweli tupu. Sina jibu zuri. Kumfuata nyumbani kunamtangaza mtaani, na kunahitaji uchukue anwani yake kwenye rejista bila yeye kujua. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ningemwachia mtafiti mwenye mshauri nasaha pembeni. Nesi aandike wazi kwamba utafiti wake haukuwafikia hao, asije akahitimisha kana kwamba amewasikia wote.

KisumuNdogo
Salaam kutoka Kenya. Huku kwetu mtiririko ni kamati ya maadili kwanza halafu leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa hiyo kichwa kinauma mara mbili. Kwenye hoja ya tatu: nilifanya kazi na wasichana wenye watoto, na kamati yangu ilikubali wajitolee ridhaa wenyewe bila mzazi, kwa sababu tayari wao ni wazazi. Nilieleza kwa kurasa mbili kwa nini kumhusisha mzazi kungewaumiza. Jaribu hiyo.

TemboMjanja
Kwa nini asiwaondoe tu? Miaka 18 na kuendelea, kwisha.

nesi_wa_zamu
Nilifikiria hivyo. Lakini miaka sita wodini, maneno makali kuliko yote niliyasikia wakiambiwa wao. "Ulipokuwa unafanya ulikuwa unalia?" Nikiwaondoa nimeondoa nusu ya utafiti.

mzalendo77
Kama ameolewa mume asaini. Akiolewa ni mtu mzima.

BibiKalamu
Mzalendo, hapana. Ridhaa ya mume siyo ridhaa ya mlezi, na wakati mwingine mume ndiye tatizo lenyewe. Tena vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe chini ya miaka 18 Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Usijenge fomu juu ya nguzo hiyo.

KisumuNdogo, njia yako nimeiona ikifanya kazi, lakini Tanzania nesi asiichukue kama haki. Utaratibu wa kawaida hapa ni chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anatoa ridhaa, na msichana mwenyewe naye anakubali, kwenye karatasi mbili tofauti. Akikataa msichana, mzazi hawezi kumlazimisha. Kama nesi anataka ridhaa ya mzazi iondolewe, lazima aombe waziwazi na aeleze sababu ya utafiti huu, siyo "kwa sababu ni wazazi tayari". Sababu yake iwe hii: anayemleta kliniki mara nyingi ni mama mkwe au mama mzazi, na akisaini fomu inayotaja kutukanwa kwa sababu ya umri, msichana atakaa mbele ya mlango akijua bibi anasubiri kuuliza "umesema nini humo?"

Kisha kuna mwiba mwingine hapo hapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitaarifu mamlaka ya serikali ya mtaa. Msichana wa miaka 16 akikwambia mimba ilitokana na kulazimishwa na mtu anayeishi naye, umeahidi usiri na sheria inakutaka useme. Huwezi kuyagundua hayo siku hiyo. Fomu yake lazima imwambie kabla hajafungua mdomo: "Ukiniambia kwamba wewe au mtoto wako mko hatarini sasa, nitalazimika kumwambia mtu wa ustawi wa jamii, na nitakwambia wewe kwanza."

mkunga_mstaafu
Ukimwambia hivyo hatasema.

BibiKalamu
Huenda asiseme. Lakini akisema atakuwa amejua.

mkunga_mstaafu
Mimi bado naona tunawafunga midomo wale wale. Tuache hapo.

Salum_maabara
Na wauguzi wanaotajwa je? Mama akisema "ni nesi fulani wa zamu ya usiku", si unarekodi mwenzako akishtakiwa?

nesi_wa_zamu
Hilo ndilo linaninyima usingizi. Kiongozi wetu wa wodi alishaniambia kwa utani "utatuletea tusikie". Nilicheka tu, lakini sidhani ulikuwa utani.

BibiKalamu
Haukuwa utani. Kwenye barua ya kuomba ruhusa kwa mfawidhi andika mapema: hospitali itapata ripoti ya mwisho, haitapata sauti wala maandishi ya mahojiano. Akisaini hapo, siku akikuomba una cha kumwonyesha. Kabla hujawasha kinasa mwambie mama, "tafadhali usitaje jina la mtu, sema nesi au daktari." Likimponyoka, unaponakili unaandika [nesi], sauti inafutwa kwa ratiba.

Na angalia unavyonukuu kwenye ripoti. "Mama wa miaka 17, mapacha, upasuaji" kwa hospitali ya wilaya hilo ni jina kamili. Wodi nzima itajua kwa dakika moja. Andika "mama, chini ya miaka 20", basi. Na kama zamu ya usiku ina muuguzi mwanaume mmoja tu, "nesi mwanaume" nalo ni jina.

nesi_wa_zamu
Bibi, nimeandika upya fomu. Naomba mniangalie kipande hiki:

"Naitwa ____. Mimi ni muuguzi, ila leo sikuja kukuhudumia. Nimekuja kama mwanafunzi. Nataka nikuulize ulivyohudumiwa siku uliyojifungua. Tutaongea kama dakika 45. Kuna maswali yanaweza kukuumiza. Usilotaka kujibu, sema tuliruke. Ukisema hutaki kuongea nami, wewe na mtoto mtaendelea kuhudumiwa vilevile. Nitarekodi sauti ukikubali. Ukikataa kurekodiwa, nitaandika kwa mkono. Sauti nitaisikiliza mimi na mwalimu wangu tu, kisha nitaifuta. Jina lako sitaliandika."

mkunga_mstaafu
Sasa unaongea kama mtu.

BibiKalamu
Safi. Mambo mawili. Kuongea na kurekodiwa viwe maswali mawili, kila kimoja na ndiyo au hapana yake, maana wapo watakaosema niongee lakini usinirekodi. La pili, ijaribu kabla ya kuirudisha. Msomee mama mmoja ambaye hatakuwa kwenye utafiti, kisha funga karatasi umuulize: "Ukisema hutaki, nini kitatokea? Nani atasikia sauti yako?" Akishindwa kukujibu, kosa ni la fomu. Ile ya kwanza, ya "stahiki zangu za kimatibabu", ilikuwa Kiingereza kilichovaa kanga.

Kama kamati itang'ang'ania saini, kumbuka asiyesoma: dole gumba, na shahidi anayejua kusoma, aliyekaa tangu mwanzo wa maelezo. Shahidi asiwe mtumishi wa hospitali wala mwanafunzi mwenzako, na aondoke kabla ya swali la kwanza.

nesi_wa_zamu
Nimemsomea jirani yangu ana mtoto wa miezi minne. Swali la kwanza alijibu vizuri. La pili akasema, "sauti atasikia mwalimu wako… mwalimu wa shule?" Nimebadilisha, sasa inasema "mwalimu wangu wa chuo anayesimamia kazi hii". Kesho narudisha.

nesi_wa_zamu
Mrejesho, wakuu. Jibu limekuja. Hoja ya usiri wamepokea, kikaratasi cha namba wamekisifu. Ya mimi kuhamia kliniki wamepokea. Lugha wamepokea. Saini wamegoma kuiondoa, wanataka wino au dole gumba, lakini wamekubali fomu zisiwe na namba na zikae kwa msimamizi. Wasichana chini ya 18 hawajakubali wala hawajakataa. Wameniita nijieleze mbele ya kikao Alhamisi.

KisumuNdogo
Hongera! Ukiitwa kikao maana yake wanakusikiliza.

BibiKalamu
Nenda na fomu zote mbili, ya mzazi na ya msichana, uwe nazo hata kama unaomba ya mzazi iondolewe. Wakikataa ombi lako una kitu mkononi, hurudi mwanzo. Na uwe na jina la ofisa ustawi wa jamii uliyekwisha kuongea naye na akakubali kupokea. Watakuuliza hilo kwanza.

mkunga_mstaafu
Na usiende na sare.

mzalendo77
Barua ya Katibu Tawala lakini umeshaipeleka?